Ngozi ya Chui: Kompyuta Inavyoiga Mkono wa Mchoraji

Mjini Tübingen, kusini mwa Ujerumani, nyumba za kale zimejipanga ukingoni mwa mto Neckar, paa zimechongoka, madirisha yanatazama maji. Mwezi Agosti 2015, watafiti watatu wa chuo kikuu cha mji huo, Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge, walitoa andiko lenye picha ya nyumba hizo ikiwa imegeuzwa kwa namna tano. Katika moja, anga lilikuwa likizunguka kwa mapote ya buluu na njano, kama lile la Usiku wa Nyota ambalo Vincent van Gogh alilichora mwaka 1889. Katika nyingine, mistari ilijikunja kama moshi, na aliyewahi kuuona mchoro wa Edvard Munch uitwao Ukelele alijua mara moja ilikotoka. Turner, Picasso na Kandinsky walikuwapo pia. Hakuna mtu aliyeshika brashi, na nyumba zilibaki nyumba, paa mahali pa paa na mto mahali pa mto.

Simu ya kawaida imekuwa ikifanya mchezo huo tangu siku nyingi, na wengi wameuchukulia kama rangi tu inayomwagwa juu ya picha. Sivyo. Kupaka picha nzima rangi ya njano ni kazi ya sekunde na haimdanganyi mtu. Walichofanya watu wa Tübingen ni kujibu swali ambalo wapenzi wa sanaa hulijibu kwa jicho bila kuweza kulieleza: tunaposema “huu ni mkono wa fulani”, tumeona nini hasa? Na je, hicho tulichokiona kinahesabika?

Kwanza kompyuta ilihitaji jicho, na hilo hawakulitengeneza wao. Waliliazima Oxford, Uingereza, ambako mwaka 2014 Karen Simonyan na Andrew Zisserman walikuwa wameunda mtandao wa neva, yaani hesabu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, uliofundishwa kazi moja: ukionyeshwa picha, useme ndani mna nini. Ulisomeshwa kwa picha zaidi ya milioni moja za aina 1,000 za vitu, kuanzia mbwa wa kila namna hadi uyoga, magari na vikombe. Hakuna aliyeufundisha uchoraji.

Ndani ya mtandao huo, tabaka la kwanza lina vichujio 64. Kila kichujio hupita juu ya picha nzima, kama fundi nguo anayepitisha kidole kwenye kitambaa kutafuta kasoro, kikitazama vipande vidogo vya pikseli tatu kwa tatu. Kimoja hushtuka kikikuta ukingo uliolala, kingine hushtuka kwa ukingo uliosimama, kingine kwa buluu iliyokaa karibu na rangi ya machungwa. Kinaposhtuka sana huandika namba kubwa, kisiposhtuka huandika sifuri. Mwisho wa safari unabaki na ramani 64, kila moja ikionyesha mahali ambapo kitu fulani kimeonekana. Tabaka linalofuata halisomi tena picha, linasoma ramani. Njiani ramani hizo hupunguzwa ukubwa kwa nusu mara kadhaa, hivyo kila tabaka la juu linaona eneo pana zaidi kwa mara moja. Ukifika kundi la nne la matabaka kuna vichujio 512, na kila doa la ramani limekusanya habari za mraba wenye pikseli kama 84 kila upande wa picha ya awali. Hapo kichujio hakishtushwi tena na mstari mtupu. Kinashtushwa na kona ya dirisha, na jicho, na manyoya.

Kwa upande wa picha ya kamera, kazi iliyobaki ni nyepesi. Watafiti waliupa mtandao picha ya mto Neckar, wakaenda kwenye tabaka linaloitwa `conv4_2`, wakachukua ramani zake na kuziweka kando kama kumbukumbu ya kilichomo. Kwa nini huko juu na si chini? Kwa sababu matabaka ya chini yana ubahili: yanakumbuka kila pikseli. Ukidai picha mpya ifanane na ile ya zamani huko chini, utarudishiwa picha ile ile. Huko juu mtandao bado unajua kwamba hapa pana ncha ya paa na pale pana safu ya madirisha, lakini haujali sana kama ukingo wa paa umechorwa kwa kigae chekundu au kwa mikwaruzo ya buluu. Katika kutojali huko ndimo mchoraji anapopata nafasi ya kuingia.

Upande wa mchoro ndio wenye utamu. Hapa nitaomba msomaji avumilie hesabu ndogo ya darasa la tatu.

Chukua mchoro uliogawanywa katika sehemu nne tu, na vichujio viwili tu. Kichujio A hushtushwa na rangi ya njano. Kichujio B hushtushwa na mkunjo wa brashi. Katika mchoro wa kwanza, A ameandika 3, 0, 2, 0 kwenye sehemu hizo nne, na B naye ameandika 3, 0, 2, 0. Sasa zidisha sehemu kwa sehemu, kisha jumlisha: tatu mara tatu ni tisa, sifuri, mbili mara mbili ni nne, sifuri. Jumla 13. Katika mchoro wa pili, A ameandika vile vile 3, 0, 2, 0, lakini B ameandika 0, 3, 0, 2. Njano ni ile ile kwa kiasi, mikunjo ni ile ile kwa kiasi. Zidisha na kujumlisha: tatu mara sifuri, sifuri mara tatu, mbili mara sifuri, sifuri mara mbili. Jumla ni sifuri. Mchoro wa kwanza una njano inayojikunja. Wa pili una njano tulivu na mikunjo ya rangi nyingine. Macho yetu yangesema hii ni mikono miwili tofauti, na hesabu imesema hivyo hivyo.

Fanya hesabu hiyo kwa kila jozi ya vichujio 64 vya tabaka la kwanza, utapata jedwali la safu 64 kwa 64. Wanahisabati huliita jedwali la Gram, kwa jina la Mdenmark Jørgen Pedersen Gram. Fanya tena kwa tabaka moja katika kila kundi linalofuata, matabaka matano kwa jumla, na majedwali hayo matano ndiyo “mtindo” wa Van Gogh kwa maana ya kompyuta. Hakuna kingine. Ni daftari la kumbukumbu linalosema nini huonekana pamoja na nini, na kwa nguvu gani, kuanzia mkwaruzo mdogo kabisa wa brashi hadi vipande vyenye upana wa pikseli 156.

Angalia kilichotupwa. Tulipojumlisha, tulisahau zile namba zilitoka sehemu ipi. Ukizichanganya sehemu nne za mchoro wa kwanza upendavyo, ilimradi A na B wahame pamoja, jumla inabaki 13. Daftari linajua kwamba njano hutembea na mkunjo; halijui kama njano ilikuwa angani au ardhini. Usahaulifu huo ulikusudiwa, kwa sababu bila huo anga la Van Gogh lisingeweza kuhamia Tübingen. Lakini ndio pia unaoleta karibu kila kituko nitakachokieleza baadaye.

Sasa picha mpya inatengenezwaje? Watafiti walianza na chenga tupu, zile za televisheni iliyokosa mawimbi. Waliupa mtandao chenga hizo, nao ukatoa ramani zake na majedwali yake. Bila shaka hayakufanana na chochote. Tofauti kati ya ramani za chenga na ramani za picha ya mto ni deni la kwanza. Tofauti kati ya majedwali ya chenga na majedwali ya Van Gogh ni deni la pili. Kisha hesabu hurudi nyuma, kutoka tabaka la juu hadi kwenye picha yenyewe, ikiuliza kila pikseli: wewe ukiongezwa wekundu kidogo, madeni haya yatapungua au yatazidi? Picha ya pikseli 512 kwa 512, yenye nyekundu, kijani na buluu, ina namba 786,432 za kuulizwa hivyo. Zote husogezwa kidogo kwa pamoja, na mzunguko unaanza upya.

Anayejua namna mitandao hii inavyofundishwa atashangaa hapa, kwa maana mambo yamepinduliwa. Kwa kawaida picha haiguswi, na mtandao ndio unaorekebishwa mpaka uelewe. Hapa mtandao umefungwa kufuli, haubadiliki hata kidogo, na picha ndiyo inayorekebishwa mpaka imridhishe mkaguzi. Baada ya mizunguko mia kadhaa, chenga zimekuwa nyumba za Tübingen chini ya anga la Van Gogh. Kwa picha ya ukubwa huo, mashine nzuri ya wakati ule iliweza kuchukua hadi saa nzima.

Madeni yote mawili hayalipiki kwa ukamilifu, hivyo anayeendesha mashine ndiye anayeamua lipi lina uzito. Ukiuzidisha uzito wa mtindo, nyumba huyeyuka na kubaki kitambaa kizuri kisicho na habari. Ukiupunguza mno, unabaki na picha ya kamera iliyopauka rangi. Kanuni ya kupata kipimo hicho sijaiona. Watu hujaribu na kutazama, kama mpishi na chumvi.

Nami nilijaribu. Nilikuwa na picha niliyoipiga asubuhi ufukweni Kunduchi, ngalawa imepandishwa mchangani na mvuvi kasimama kando akishona wavu. Kwa upande wa mtindo nilichagua mchoro wa Tingatinga niliouning'iniza sebuleni, chui wa madoa meusi juu ya njano, mgongo umepinda, jicho moja kubwa linakutazama. Mtindo huo ulianzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kung'aa zilizokuwa zikipakwa baiskeli. Mwenyewe alifariki mwaka 1972, lakini vijana aliowafundisha waliuendeleza, na aliyenichorea chui wangu ni mmoja wa waliorithi kazi hiyo. Nilidhani mtindo wenye alama za wazi namna hii ungekuwa rahisi kuliko Van Gogh.

Kompyuta yangu ndogo haina kadi ya michoro yenye nguvu, kwa hiyo picha ya pikseli 512 ilikula karibu saa nzima. Matokeo yalikuwa ya kupendeza kwa sekunde tano. Njano ilikuwa njano ya Tingatinga hasa, na madoa yalikuwa na ule ukingo mkali wa rangi ya kung'aa. Kisha nikaona yalipokaa. Yalikuwa mchangani, kwenye tanga na baharini. Yalimtambaa mvuvi mpaka usoni, na pua yake ilikuwa imekuwa doa. Juu kushoto, katikati ya anga, palikuwa na jicho la chui, nusu limeumbika, na lingine kama hilo chini karibu na wavu. Chui hakuwapo.

Ukirudi kwenye lile daftari, hakuna cha kushangaza. Lilisema madoa meusi huandamana na njano, likasahau kwamba yaliishia kwenye mgongo wa mnyama. Lilisema palikuwa na kitu cha duara chenye weupe na ukingo mweusi, likasahau kwamba lilikuwa moja na lilikaa kichwani. Anga tupu na mchanga mtupu ndivyo vilivyoathirika zaidi, kwa sababu kumbukumbu ya picha ya kamera haina mengi ya kudai sehemu hizo. Deni la mtindo hulipwa mahali ambapo hakuna mwenye shamba. Ndiyo maana pia lile anga la Tübingen lilifanikiwa: nalo lilikuwa na nafasi tupu, na mapote yakaingia humo. Sehemu ya uzuri wa picha ile iliyosifiwa dunia nzima ni chaguo zuri la picha na la mchoro.

Jaribio la pili lilinifundisha zaidi. Nilitaka picha ya kuchapisha na kutundika, hivyo nikapandisha picha na mchoro hadi pikseli 1,500 kwa upande na kuiacha mashine ichemke usiku kucha. Asubuhi nilikuta picha ya Kunduchi yenye kitu kama upele. Hakuna doa hata moja la chui, vijipunje tu na mistari myembamba. Niliudhika, nikadhani nimekosea kuandika namba mahali. Kosa halikuwa hapo. Jicho la mtandao lina upana wake: hata tabaka la juu kabisa linalotumika kwa mtindo halioni zaidi ya pikseli 156 kwa mara moja. Kwenye picha ya 512 hiyo ni karibu theluthi ya upana, na doa la chui linaenea humo kwa raha. Kwenye picha ya 1,500 ni kama sehemu moja ya kumi, na mtandao unaona ukingo wa doa bila kuliona doa. Uliiga ulichokiona. Dawa yake inajulikana: tengeneza picha ndogo kwanza, ikuze, kisha uitumie hiyo kama mwanzo wa mzunguko wa ukubwa unaofuata, badala ya chenga. Maumbo makubwa yanakuwa yameshakaa, na kazi iliyobaki ni ya nakshi.

Uso wa mvuvi niliuokoa kwa kuchora mipaka kwa mkono: mtindo uchukuliwe tu kutoka sehemu hii ya mchoro na kupelekwa tu sehemu ile ya picha. Ni njia ambayo Gatys na wenzake waliieleza baadaye, pamoja na ile ya kuchukua mtindo kwenye mwangaza pekee na kuirudishia picha rangi zake za asili. Hiyo ya pili nilipoitumia, bahari ilibaki bahari. Lakini Tingatinga bila rangi zake amebaki na nini?

Mbinu ya saa nzima kwa picha moja isingefika kwenye simu za watu. Njia ya haraka ilitoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2016, kwa Justin Johnson, Alexandre Alahi na Li Fei-Fei. Wao waliufundisha mtandao wa pili kubahatisha jibu kwa pigo moja. Waliulisha picha za kawaida kama 80,000, na mkaguzi akabaki yule yule mwenye madeni mawili, akiukosoa kila unapokosea. Mafunzo yalichukua kama saa nne, na baada ya hapo picha iligeuzwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Gharama yake ni kwamba mtandao mmoja ulijua mtindo mmoja tu. Ukitaka Munch, unafundisha mwingine. Mwezi Juni mwaka huo huo programu ya Prisma ikaingia kwenye simu, na ile orodha ya mitindo chini ya skrini haikuwa na mchoro uutakao wewe, bali ile iliyokwisha kufundishwa. Mwaka 2017, Xun Huang na Serge Belongie waliondoa kikwazo hicho kwa kubana daftari lenyewe: kwa kila kichujio, chukua wastani wa namba zake na mtawanyiko wake, basi. Mchoro wowote ukakubalika papo hapo, kwa uaminifu uliopungua kiasi.

Siku hizi zipo programu nyingine, zinazochora upya picha yako kama katuni au kama mchoro wa rangi ya mafuta, na watu huzichanganya na hii. Zile zimejifunza kutoka kwenye picha nyingi mno zilizoambatana na maneno, na zinaweza kukuchorea chui mzima aliyekaa kwenye ngalawa. Mara nyingi zinaweza kutofautishwa. Hesabu vidole, vifungo vya shati, madirisha. Mbinu ya Tübingen huweza kulipotosha dirisha au kulizamisha katika madoa, ila kwa kawaida haiongezi la pili ambalo halikuwapo kwenye picha wala kwenye mchoro. Zile nyingine huweza kuongeza bila haya.

Nilimpelekea mchoraji wa chui wangu picha ya Kunduchi, ile ya kwanza yenye madoa kila mahali. Aliitazama kwa muda, akaigeuza juu chini, akacheka.

“Mdogo wangu,” akasema, “hii ni ngozi ya chui. Chui mwenyewe yuko wapi?”

Nilimweleza habari za daftari linalosahau mahali. Alisikiliza, kisha akanionyesha kwenye ubao aliokuwa akiuchora namna anavyoanza: mstari wa mgongo kwanza, kwa mkupuo mmoja wa brashi, halafu kichwa, na madoa mwisho kabisa. Madoa, alisema, hata mwanafunzi wa wiki mbili anapewa ayapige. Mgongo hapewi.

Kabla sijaondoka aliniomba jambo moja, nami nalifikisha kwa yeyote atakayepiga picha kazi ya mchoraji aliye hai na kuilisha mashine: mwombe ruhusa kwanza, na usiandike jina lake chini ya kitakachotoka.